Barua ya Ruhusa Kabla Maradhi Hayajapata Jina



Mwenye homa ya malaria haoni taabu kuomba ruhusa kazini. Maradhi yana jina, dawa zina siku zake, na mkubwa wa kazi akisikia ameelewa. Taabu humpata yule anayeumwa na kitu kisichojulikana bado. Mwalimu wa kike ambaye tumbo limemsumbua kwa wiki saba, ambaye amekwisha kunywa dawa za gesi na dawa za amiba bila nafuu, na sasa daktari amemwandikia vipimo vinne vya siku tofauti, atamwandikia nini Mwalimu Mkuu wake? Hana jina la maradhi, naye huona haya kumweleza mwanamume mambo ya tumbo na choo.

Aghalabu mwalimu huyu huchagua moja kati ya njia tatu, na zote zina madhara. Ama husubiri mpaka ajue anaumwa na nini, na huku siku za vipimo zinampita. Ama kila asubuhi ya maumivu hupiga simu na kusema "leo siji, tumbo," mpaka mkubwa wake aanze kumshuku. Ama husingizia maradhi yaliyozoeleka, kisha cheti cha daktari kikaja na maneno mengine. Tunapenda wiki hii tuifafanue njia ya nne, nayo ni barua moja iliyopangwa vyema, inayoomba ruhusa kwa ajili ya vipimo vyenyewe badala ya kusubiri jina la ugonjwa.

Sheria inasemaje

Tutazungumzia mwalimu wa shule ya binafsi, kwa kuwa dada zetu wengi hufundisha huko. Walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu wana kanuni zao, na ni vyema wazitazame hizo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yasema kwamba mfanyakazi aliyekwisha kutumikia miezi miwili mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, kisha siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila kipindi cha miezi kumi na miwili ya utumishi. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa, na mkataba wa shule waweza kutoa zaidi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuufungua mkataba na kuusoma.

Haki hiyo ina masharti mawili. La kwanza ni cheti kinachoeleza kwamba mtu hawezi kuhudhuria kazi, kilichotiwa saini na daktari anayetambulika au na anayesimamia zahanati kwa niaba yake. Karatasi ya mganga wa miti shamba haitoshi hapa. La pili ni taarifa. Mfanyakazi anatakiwa amjulishe mwajiri, au amtume mtu amjulishe, mapema iwezekanavyo, kwamba hayupo na kwa sababu gani.

Uzito wa taarifa hiyo unaonekana tukiviweka vifungu viwili kandokando. Kifungu cha 44 chahesabu kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu halali kuwa kosa kubwa linaloweza kumfukuzisha mtu papo hapo. Kifungu cha 46 nacho chasema kwamba kuchukua likizo ambayo mtu anaistahiki, au kukusudia kuichukua, si sababu ya haki ya kumfukuza. Mwalimu ni yule yule, na siku aliyokosa kazini ni ile ile. Kinachomtoa katika kifungu kimoja na kumtia katika kingine ni karatasi aliyoipeleka.

Kwa nini vipimo vichukue siku nyingi

Mwalimu Mkuu mwema huenda akauliza, "Kwani vipimo si asubuhi moja tu?" Hapo ndipo mwenye kuandika barua anapaswa aijue njia yenyewe, apate kuieleza kwa ufupi.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Gredi ya Nne mwenye umri wa miaka 41. Tangu mwishoni mwa Machi ana maumivu chini ya kifua, tumbo hujaa, akila matonge machache ameshiba, na choo chake kimebadilika. Siku ya Ijumaa, tarehe 9 Mei, daktari ampangia yafuatayo.

Kwanza ni damu na altrasaundi, Jumanne tarehe 13 Mei. Ili mfuko wa nyongo uonekane, inambidi akae bila kula tangu usiku. Ili kizazi na mayai ya uzazi yaonekane kwa altrasaundi ya juu ya tumbo, inambidi kibofu kijae maji, kwa hiyo hunywa maji na kungoja. Jambo hili haliingii kati ya vipindi viwili vya masomo.

Pili ni kipimo cha choo cha kutafuta bakteria aitwaye H. pailori, ambaye ni sababu kubwa ya vidonda vya tumbo. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Dawa za kupunguza asidi za jamii ya omeprazoli humfanya bakteria huyu ajifiche, na kipimo kikaonyesha hayupo ilhali yupo. Kwa hiyo dawa hiyo huachwa wiki mbili kabla ya kipimo, na dawa za antibayotiki wiki nne. Mwalimu wetu aliyeacha omeprazoli tarehe 9 Mei atapeleka choo tarehe 23 Mei. Katika wiki hizo mbili, dawa iliyokuwa ikimtuliza haipo, na maumivu huweza kurudi kwa nguvu. Anayemtazama kwa nje atasema, "Tangu aanze kwenda hospitali ndiyo kwanza amezidi." Kumbe kuzidi huko kulitarajiwa.

Tatu ni kamera ya tumbo, yaani endoskopi, Jumatatu tarehe 26 Mei. Mgonjwa hukaa bila kula kwa muda usiopungua saa sita, hupewa dawa ya kumlegeza, kisha mrija mwembamba wenye kamera hupitishwa kinywani mpaka tumboni. Kipimo chenyewe huchukua dakika chache, lakini dawa ile ya kulegeza hubaki mwilini. Kwa saa 24 haruhusiwi kuendesha gari wala kushika kazi ya dhamana, na hurudi nyumbani akiwa na mtu. Kusimamia watoto arubaini ni kazi ya dhamana. Kwa hiyo Jumanne tarehe 27 nayo ni siku ya mapumziko.

Nne ni kurudi kwa daktari Jumatatu tarehe 9 Juni. Kamera huweza kuchukua vipande vidogo vya nyama ya tumbo vikapimwe maabara, na majibu yake hayatoki siku ile ile.

Sasa tuhesabu. Siku kamili ni 4, nazo ni tarehe 13, 26 na 27 Mei, na tarehe 9 Juni. Tarehe 23 Mei ni kuchelewa kwa saa mbili tu. Mwalimu wetu alikwisha kuchukua siku 3 za ugonjwa mwezi wa Februari katika kipindi hicho hicho cha miezi kumi na miwili. Tatu na nne ni saba, basi siku zake za mshahara kamili zimetimia. Siku yoyote itakayozidi itaingia katika nusu mshahara. Ni afadhali alijue hili kabla ya kuandika kuliko kulishangaa mwisho wa mwezi.

Barua yenyewe

Hii hapa barua ambayo mwalimu huyo angeweza kuiandika. Majina tumeyaacha wazi.

*9 Mei 2025*

*Kwa Mwalimu Mkuu,*

*Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.*

*KUH: OMBI LA LIKIZO YA UGONJWA KWA AJILI YA VIPIMO*

*Kwa heshima, naomba likizo ya ugonjwa ya siku nne kati ya tarehe 13 Mei na tarehe 9 Juni, na ruhusa ya kuchelewa asubuhi moja. Kwa wiki saba nimekuwa na maradhi ya tumbo ambayo hayakupona kwa matibabu ya kwanza. Daktari bado hajatambua chanzo chake, na ameagiza vipimo vifuatavyo ili akitambue:*

*Jumanne, 13 Mei: damu na altrasaundi. Sitakuwepo siku nzima.*

*Ijumaa, 23 Mei: kupeleka sampuli maabara. Nitafika saa nne asubuhi.*

*Jumatatu, 26 Mei: kipimo cha kamera chini ya dawa ya kulegeza. Sitakuwepo siku nzima.*

*Jumanne, 27 Mei: mapumziko baada ya dawa hiyo, kwa agizo la daktari.*

*Jumatatu, 9 Juni: kurudi kwa daktari kwa majibu. Sitakuwepo siku nzima.*

*Siku nyingine zote nakusudia kufundisha kama kawaida. Hata hivyo, kwa ajili ya vipimo nimeambiwa niache dawa yangu kuanzia leo hadi tarehe 26 Mei, na huenda maumivu yakazidi katika muda huo. Ikiwa yatanizuia kuja, nitapiga simu kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na nitaleta cheti cha siku hiyo. Kwa muda huo naomba pia nisipangwe kuwa mwalimu wa zamu, na kuwe na mtu wa karibu wa kulitazama darasa nikilazimika kutoka kwa dakika chache.*

*Maandalio ya somo ya siku hizo nne nimeyaambatisha pamoja na mazoezi ya wanafunzi. Mwalimu wa Gredi ya Tano amekubali kushika vipindi vyangu vya Hisabati, akipata idhini yako. Rekodi ya kazi iko mezani kwangu.*

*Siwezi kusema sasa kama nitahitaji likizo zaidi. Nitalijua hilo tarehe 9 Juni, na nitakuandikia tarehe 10 Juni. Kwa hesabu yangu nimetumia siku 3 za likizo ya ugonjwa katika kipindi hiki. Tafadhali nijulishe ikiwa kumbukumbu za ofisi ni tofauti.*

*Nimeambatisha cheti cha daktari na karatasi ya miadi. Naomba habari za afya yangu zibaki baina yetu na faili langu. Nitashukuru kupata jibu kwa maandishi.*

*Wako mtiifu,*

*Mwalimu wa Gredi ya Nne*

Yaliyomo, na yaliyoachwa

Msomaji atazame sentensi ya kwanza. Ombi lenyewe, idadi ya siku na tarehe zimekuja kabla ya maelezo ya maradhi. Mwalimu Mkuu anayeisoma akiwa na wazazi watatu mlangoni ameshajua anachoombwa.

Atazame pia yale maneno "bado hajatambua chanzo chake." Hayo ndiyo moyo wa barua hii. Mwalimu hakujitia kujua asichokijua, wala hakukiacha kitu hicho kikielea. Amesema ni siku gani atakijua, na siku gani ataandika tena. Mwajiri huvumilia kutojua kuliko na mwisho. Kinachomchosha ni kutojua kusiko na tarehe.

Habari ya kuacha dawa nayo imewekwa kwa makusudi. Lau angeinyamazia, halafu akakosa siku mbili katikati ya Mei, zingeonekana ni siku za uvivu nje ya mpango. Sasa zimetajwa kabla hazijafika, pamoja na njia ya kuzithibitisha.

Kuhusu yaliyoachwa, barua haikutaja rangi ya choo, wala mara ngapi anakwenda msalani, wala kilo alizopungua, wala hofu aliyo nayo usiku kwamba huenda ni saratani. Mambo hayo ni muhimu sana, lakini mahali pake ni karatasi nyingine, ile ya daktari. Twawanasihi dada zetu wawe na karatasi mbili. Ya daktari iandikwe kila siku kwa muda wa wiki mbili: maumivu yalianza saa ngapi, kabla au baada ya kula, choo kilikuwaje, hedhi ilikuwa lini, dawa gani zimenywewa. Huko hakuna haya, kwa sababu daktari asipoambiwa hupima kisichohitajika. Ya Mwalimu Mkuu iandikwe mara moja, nayo hutaja tu yale yanayogusa kazi. Hiyo ndiyo stara bila kuficha.

Na stara hii ina nguvu ya sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeziweka habari za afya ya mtu katika fungu la data nyeti, zenye ulinzi zaidi kuliko nyingine. Mwalimu Mkuu anayeisoma barua hiyo mbele ya walimu wenzake, au kutangaza kwenye kundi la wasapu kwamba "fulani anaenda kupigwa kamera, tumwombee," huenda ana nia njema, lakini ametoa kitu kisicho chake. Yatosha aseme kwamba mwalimu hatakuwepo siku hizi, na vipindi vitashikwa na huyu.

Mambo yanapokwenda mrama

Mara nyingine Mwalimu Mkuu huuliza, "Lakini unaumwa nini hasa?" Jibu la kweli ni fupi: "Hakijajulikana, ndiyo sababu ya vipimo." Hakuna haja ya kuongeza. Akitaka ushahidi, ushahidi ni cheti cha daktari.

Tabu nyingine hutoka kwenye cheti chenyewe. Karatasi ya miadi huonyesha siku ya kwenda hospitali, lakini haisemi kwamba mtu hawezi kufanya kazi siku hiyo. Kabla ya kutoka kwa daktari, mwalimu asome na ahakikishe kwamba tarehe zote zimeandikwa, hasa ile siku ya pili baada ya kamera, maana ndiyo inayosahauliwa. Kipimo kikiahirishwa, na hilo hutokea mara nyingi mashine ikiharibika au daktari akiitwa kwa dharura, aandike barua ya mistari miwili ya kubadilisha tarehe. Asiitumie ruhusa ya tarehe moja kwa siku nyingine.

Ombi likikataliwa kwa mdomo, aombe sababu kwa maandishi, na nakala ya barua yake iliyopigwa muhuri wa kupokelewa aiweke nyumbani. Mazungumzo yakishindikana, afisa wa kazi katika kaunti ndiye wa kuendewa, na ile nakala ndiyo ya kwanza atakayoitaka.

Dalili zisizongoja barua

Yote tuliyoyasema ni ya maradhi yanayoweza kungoja tarehe. Kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa, choo cheusi kinachonata kama lami, maumivu makali ya ghafla na tumbo kuwa gumu, au kuzimia, haya hayangojei ruhusa ya mtu. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na mwingine apige simu shuleni. Sheria yenyewe imeruhusu taarifa ipelekwe na mtu mwingine. Hali kadhalika mwanamke aliyechelewa hedhi akapata maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo, maana mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi. Tuongeze kwamba vidonge vya madini ya chuma navyo hugeuza choo kuwa cheusi, basi anayevinywa amwambie daktari.

Kuna jambo jingine la utulivu zaidi, lakini lisipuuzwe. Mwanamke ambaye tumbo limejaa karibu kila siku, anashiba upesi na anakwenda haja ndogo mara kwa mara, hasa akiwa amevuka miaka hamsini, asiridhike kuambiwa ni gesi mwezi baada ya mwezi. Aulize waziwazi kama mayai ya uzazi yameangaliwa, kwa sababu maradhi ya hapo huanza kwa dalili za tumbo zinazofanana na hizi.

Kwa mwalimu wa mfano wetu, tarehe 10 Juni ataandika barua ya pili. Huenda ikasema kwamba ni H. pailori, na kwamba atakunywa dawa kwa siku kumi na nne huku akifundisha. Huenda ikaomba siku zaidi, ambazo sasa ni za nusu mshahara. Vyovyote iwavyo, haitakuwa ngumu kuiandika wala kuielewa, kwa kuwa ya kwanza ilikwisha kuitangulia na kuitajia siku yake.

Wabillahi tawfiq.